Sura ya Sita: Faktoriali Isiyo na Tamati

Faktoriali ya namba ni zao la namba hiyo na namba zote zilizo chini yake mpaka moja. Kwa hiyo faktoriali ya nne ni nne mara tatu mara mbili mara moja, yaani 24, na hiyo ndiyo idadi ya namna ambazo watu wanne waweza kupangwa katika safu moja. Alama yake, ambayo ni namba ikifuatwa na alama ya mshangao, 4!, ilianzishwa na Christian Kramp mwaka 1808, na tangu hapo wanahesabu wameitumia bila ya kuhitaji maelezo. Lakini maelezo tuliyoyatoa hapa, ingawa yamfaa mtu, hayaifai kompyuta, kwa sababu maneno “namba zote zilizo chini yake” humwachia msomaji kazi ya kufahamu zianzie wapi na zikome wapi, na kompyuta haifahamu jambo lolote ambalo haikuambiwa.

Ndiyo maana wanahesabu wana njia ya pili ya kuieleza faktoriali, fupi zaidi na timamu zaidi, yenye kanuni mbili tu. Kanuni ya kwanza yasema kwamba faktoriali ya sifuri ni moja. Kanuni ya pili yasema kwamba faktoriali ya namba nyingine yoyote ni namba hiyo mara faktoriali ya namba iliyo chini yake kwa moja. Kanuni hii ya pili ndiyo inayomvutia kila mwanafunzi, kwa kuwa yaieleza faktoriali kwa faktoriali yenyewe na bado ina maana; na kwa kuwa yavutia hivyo, aghalabu hukaa moyoni peke yake, ilhali ile ya kwanza, ambayo yaonekana kuwa ndogo na dhahiri mno, husahauliwa. Sura hii yahusu yale yanayotukia ndani ya kompyuta kanuni ya kwanza inapokosekana.

Mwaka 1960 John McCarthy alichapisha makala mashuhuri juu ya lugha ya Lisp, na miongoni mwa mifano aliyoitoa ya maelezo yanayojirejea imo faktoriali, ikiwa na kanuni zake zote mbili: sifuri kwanza, na namba nyinginezo baadaye. Tangu wakati huo faktoriali imekuwa mfano wa kwanza wa somo hili katika vitabu visivyo na idadi, na kwa hiyo imekuwa pia mahali ambapo wanafunzi wengi hukutana na kosa lake kwa mara ya kwanza. Mwanafunzi wa lugha ya Python aliyeichukua kanuni ya pili akaiacha ya kwanza ataandika hivi:

```python
def faktoriali(n):
    return n * faktoriali(n - 1)

print(faktoriali(4))
```

Mistari hii haina kosa la sarufi. Python huisoma bila ya manung’uniko, na mwenye kuitazama kwa haraka huona kwamba inasema kweli tupu, maana hakika faktoriali ya nne ni nne mara faktoriali ya tatu. Hata hivyo programu ikiendeshwa haitoi 24 wala namba nyingine yoyote. Hutoa orodha ya mistari inayofanana, na mwisho wake ni maneno haya:

```
  [Previous line repeated 996 more times]
RecursionError: maximum recursion depth exceeded
```

Ili kuelewa ujumbe huu unasema nini, na hasa unanyamazia nini, hatuna budi kufuata kazi ya kompyuta hatua kwa hatua. Fanksheni, yaani kile kipande cha programu tulichokipa jina `faktoriali`, inapoitwa na namba nne, hupewa nafasi yake katika kumbukumbu, na ndani ya nafasi hiyo huandikwa kwamba `n` ni nne na kwamba kazi ikiisha jibu lirudishwe mahali fulani. Watengenezaji wa programu huiita nafasi hiyo fremu. Kisha fanksheni huanza kazi, na papo hapo hukwama: yatakiwa izidishe nne kwa jibu la `faktoriali(3)`, na jibu hilo bado halipo. Basi huiweka nne kando, ikauita mwito mpya wa tatu, nao ukapewa fremu yake juu ya ile ya kwanza. Huo nao ukakwama kwa kungoja jibu la mbili, na wa mbili ukangoja la moja. Fremu hizi hurundikana kama masinia matupu jikoni siku ya karamu, ambapo sinia lililowekwa mwisho ndilo linaloondolewa kwanza, na lile la chini kabisa haliguswi mpaka yote yaliyo juu yake yamekwisha kuondolewa. Mahali zinaporundikana panaitwa rundo la miito.

Mpango huu wa rundo si wa zamani sana. Friedrich Bauer na Klaus Samelson waliutafakari huko Munich katika miaka ya hamsini, na mwaka 1960, mwaka ule ule wa makala ya McCarthy, Edsger Dijkstra alieleza jinsi rundo linavyoiwezesha fanksheni kujiita yenyewe bila ya mwito mmoja kuharibu hesabu za mwingine. Siri yake ni kwamba kila mwito una `n` yake. Nne ya mwito wa kwanza haifutwi na tatu ya mwito wa pili. Imelala chini yake, salama, ikingoja zamu.

Sasa tuangalie kwanza jambo lilivyo pale ambapo kanuni zote mbili zimeandikwa:

```python
def faktoriali(n):
    if n == 0:
        return 1
    return n * faktoriali(n - 1)
```

Miito hushuka kutoka nne, tatu, mbili, moja, hata sifuri, na kufikia hapo kuna fremu tano juu ya rundo na hakuna hata kuzidisha kumoja kulikokwisha kufanyika. Mwito wa sifuri ndio wa kwanza ambao haungoji mtu. Unalo jibu lake mkononi, nalo ni moja, hulirudisha, na fremu yake ikaondolewa. Mwito wa moja, uliokuwa ukingoja, hupata jibu na kuzidisha moja kwa moja, ukarudisha moja. Mwito wa mbili hurudisha mbili. Wa tatu hurudisha sita. Na wa nne, ulioitwa kabla ya wote na kungoja kuliko wote, hurudisha 24. Kazi yote ya hesabu hufanyika wakati wa kurudi. Wakati wa kwenda hakuna kinachofanyika isipokuwa kuahidi, na kanuni ya kwanza ndiyo mahali pa pekee ambapo ahadi hukoma na malipo huanza.

Tukiirudia ile programu yenye upungufu kwa fahamu hii, tutaona kwamba taksiri yake si ndogo. Hapana mahali ambapo kwenda kungegeuka kuwa kurudi. Mwito wa moja huita sifuri, wa sifuri huita hasi moja, wa hasi moja huita hasi mbili, na hivyo hivyo, kwa kuwa hakuna aliyeiambia kompyuta kwamba sifuri ina cheo chochote kuliko namba nyingine. Kwa hiyo programu hii, iliyoandikwa kwa ajili ya kuzidisha, haizidishi hata mara moja tangu mwanzo wake hata kufa kwake. Mtu akiweka alama ya kuzidisha pale au akaweka ya kujumlisha, ya kutoa au ya kugawanya, hatima itakuwa ile ile, maana kompyuta haifiki kwenye alama hiyo.

Kinachoikomesha ni uhaba wa nafasi. Python, kwa hekima ya watungaji wake, haingoji kumbukumbu iishe; imejiwekea mpaka wa fremu 1,000, na aliyeupita hukatazwa. Ule mstari unaosema kwamba mstari uliotangulia umerudiwa mara 996 zaidi waweza kuhakikiwa kwa hesabu nyepesi: juu yake umeandikwa mara tatu waziwazi, na hizo pamoja na 996 ni miito 999 ya fanksheni yetu, ongeza fremu moja ya programu yenyewe iliyouita mwito wa kwanza, nayo elfu imetimia. Na kwa kuwa mwito wa kwanza ulikuwa na nne, na kila mwito umepunguza moja, mwito wa 999 ulikuwa na hasi 994. Anayetaka kuyaona haya kwa macho yake na aandike `print(n)` kuwa mstari wa kwanza ndani ya fanksheni, naye ataziona namba zikishuka nne, tatu, mbili, moja, sifuri, kisha zikiendelea kushuka bila ya kusita. Hapo ndipo kosa lilipo, baina ya sifuri na hasi moja, ilhali kilio cha kompyuta kilitoka mbali sana na hapo.

Katika lugha ya C hakuna mlinzi wa namna hiyo. Rundo lenyewe ni kipande cha kumbukumbu ambacho mfumo endeshi umeipa programu, na katika Linux kipimo chake cha kawaida ni megabaiti 8, kama amri `ulimit -s` inavyoonyesha kwa kuandika 8192, yaani kilobaiti. Fanksheni ndogo kama yetu, ikitafsiriwa na kompaila ya GCC kwa prosesa za leo za Intel na AMD bila ya kuboreshwa, hutumia kwa kila mwito baiti 32: nane za anwani ya kurudia, nane za kukumbuka mwanzo wa fremu iliyotangulia, na kumi na sita zilizotengwa kwa ajili ya `n` na mpangilio wake. Megabaiti 8 zikigawanywa kwa baiti 32 hutoa miito 262,144, na kwa kompyuta hiyo ni kazi ya muda mfupi mno. Rundo likifika ukingoni, mwito unaofuata hujaribu kuandika mahali ambapo programu haina idhini, na mfumo endeshi huiua programu papo hapo kwa maneno mawili tu, `Segmentation fault`, pasipo kutaja mstari wala fanksheni. Mwenye kutafuta sababu sharti aifungue programu ndani ya kitatuzi kama `gdb` na kuandika `bt`, ndipo atakapoona jina moja la fanksheni likijirudia kurasa kwa kurasa. Dalili hiyo ndiyo inayolitenga kosa hili na makosa mengine mengi yanayoleta kifo cha aina hiyo hiyo.

Sasa yatupasa tuonye juu ya dawa moja ambayo hupendekezwa mara nyingi na ambayo si dawa. Ujumbe wa Python ukisema kwamba kina cha juu kimepitwa, msomaji mwepesi hudhani kwamba mpaka ni mdogo, akauongeza kwa `sys.setrecursionlimit(100000)`. Lau fanksheni yake ingekuwa timamu, huenda angefanikiwa. Faktoriali ya 1,000, kwa mfano, inahitaji miito 1,001, nayo hukataliwa na Python ingawa kanuni zote mbili zimo, kwa sababu tu mpaka ni mfupi kuliko safari. Lakini kwa fanksheni isiyo na kanuni ya kwanza, kuongeza mpaka ni kuahirisha anguko na kulifanya kubwa zaidi, maana safari isiyo na mwisho haitoshelezwi na mpaka wowote. Basi mtu atatofautishaje baina ya hali hizi mbili, iwapo ujumbe ni mmoja? Na aiulize fanksheni ile namba ndogo kabisa. `faktoriali(0)` yapaswa kuhitaji mwito mmoja tu. Ikiwa hata hiyo inalijaza rundo, basi mpaka hauna hatia, na upungufu umo katika kanuni. Katika C hoja hii ina nguvu zaidi, kwani faktoriali kubwa kuliko zote inayoingia katika namba ya biti 64 ni ya 20, nayo ni 2,432,902,008,176,640,000, kwa hiyo fanksheni iliyo sahihi haina haja ya fremu zaidi ya 21. Anayekuta robo milioni ya fremu hahitaji ushahidi mwingine.

Kukosekana kwa kanuni ya kwanza kuna namna nyingine zilizojificha zaidi, ambapo kanuni imeandikwa lakini haifikiwi. Namna moja ni ya kuchelewa:

```python
def faktoriali(n):
    jibu = n * faktoriali(n - 1)
    if n == 0:
        return 1
    return jibu
```

Hapa sharti la sifuri lipo, na mwenye kusahihisha kazi za wanafunzi aweza kulipita akiridhika. Lakini kompyuta husoma kutoka juu kwenda chini, na mstari wa juu hauishi kamwe, kwa hiyo lile sharti halisomwi na mwito wowote. Kanuni ya kwanza yapaswa kutangulia mwito wa ndani kwa utendaji, na haitoshi iwepo tu.

Namna nyingine ni ya namba iliyopita pembeni. Tuichukue ile fanksheni sahihi yenye `n == 0`, tuipe hasi moja: itaita hasi mbili, hasi tatu, na itazidi kujitenga na sifuri kwa kila hatua. Tuipe mbili na nusu: itashuka kwenye moja na nusu, kisha nusu, kisha hasi nusu, ikiwa imeruka sifuri bila ya kuikanyaga. Rundo litajaa katika hali zote mbili, ingawa hakuna mstari uliosahauliwa. Kwa ajili hiyo wengine hubadili sharti likawa `n <= 1`, wakarudisha moja, na hakika rundo halijai tena. Lakini tuangalie natija yake: faktoriali ya hasi tatu sasa ni moja, na faktoriali ya mbili na nusu ni mbili na nusu mara moja na nusu mara moja, yaani 3.75. Majibu hayo hayana asili katika kanuni zetu, nayo hutolewa kwa utulivu ule ule unaotolewa nao 24. Programu iliyokuwa ikianguka kwa kelele imegeuka kuwa programu inayosema uongo kwa upole, na kati ya hizo mbili ya pili ina madhara zaidi. Lililo sawa ni kumkataa mgeni asiyestahiki mlangoni, kabla ya sharti lolote jingine:

```python
    if not isinstance(n, int) or n < 0:
        raise ValueError("n iwe namba kamili isiyo hasi")
```

Mistari hii ikitangulia, tunaweza kuthibitisha kwa mantiki, bila ya kuiendesha programu, kwamba faktoriali itakoma. Namba iliyoingia ni kamili na haiko chini ya sifuri. Kila mwito huipunguza kwa moja kamili, kwa hiyo haiwezi kuiruka sifuri. Na ikifika sifuri hakuna mwito mwingine. Sehemu tatu hizi zategemeana, na ikiondolewa moja uthibitisho wote huanguka. Kadhalika jibu la kanuni ya kwanza lina uzito wake: anayekumbuka kusimama kwenye sifuri lakini akarudisha sifuri badala ya moja atapata programu inayokoma vizuri na kutoa sifuri kwa kila namba, kwa kuwa kila kuzidisha kwa njiani kumepokea sifuri kutoka chini.

Imebaki hali moja ambayo humshangaza hata fundi. Programu ile ile ya C isiyo na kanuni ya kwanza, ikitafsiriwa kwa `gcc -O2`, yaani kwa kuboreshwa, yaweza isijaze rundo hata kidogo. Kompaila ina ustadi wa kuugeuza mwito wa namna hii kuwa mzunguko wa kawaida unaotumia fremu moja peke yake, na baada ya mageuzi hayo hakuna kinachorundikana; prosesa huzunguka mahali pamoja na skrini ikabaki kimya mpaka mtu aikatishe programu kwa mkono. Toleo la GCC 12, lililotoka mwaka 2022, liliongeza onyo liitwalo `-Winfinite-recursion`, ambalo huwashwa na `-Wall`, na Clang ilikuwa nalo kabla yake. Onyo hilo hutambua fanksheni ambayo kila njia yake yaishia katika kujiita, zile namna za kusahau na za kuchelewa, lakini haliwezi kujua kwamba siku moja mtu ataiingiza hasi moja. Kujaa kwa rundo, basi, ni dalili mojawapo tu ya ukosefu wa kanuni ya kwanza, na si dalili ya lazima: kosa moja hutoa ujumbe wa fremu elfu katika Python, kifo cha ghafla katika C, na ukimya usio na tamati katika C iliyoboreshwa, na katika hali zote tatu pa kutazama ni pale pale, mstari unaopaswa kusema sifuri ifanywe nini.